Kitu Hiki Kinamfaa Nani? Mwongozo wa Gemu za Kubofya kwa Mchezaji Asiye na Haraka

Katika gemu za kubofya hakuna anayekukimbiza. Unamwongoza mhusika kwa kipanya, unaokota vitu vinavyoonekana havina kazi, unazungumza na watu wenye vituko, kisha unatafuta kitu gani kinamfaa nani. Anayependa kucheka na kufikiri hukaa nazo jioni nyingi bila kuchoka. Kinachowakatisha wengi tamaa ni kukwama. Mlango haufunguki, mkoba umejaa, na baada ya muda mchezaji anaanza kujaribu kila kitu juu ya kila kitu, au anafungua majibu mtandaoni na kuyafuata mstari kwa mstari. Njia zote mbili zinaondoa utamu, kwa sababu katika gemu za kuchekesha jibu la fumbo mara nyingi ndilo kilele cha kichekesho. Ukilipata kwa kubahatisha, kichekesho kinakupita.

Hapa nitaeleza namna ya kucheza kwa masikio zaidi kuliko kwa vidole, na la kufanya siku utakapokwama kweli.

Hatua ya 1: Chagua gemu isiyoweza kukufungia njia

Gemu za zamani za aina hii ziligawanyika katika kambi mbili, na tofauti yao inamhusu sana mchezaji mvumilivu. Kampuni ya Sierra ilikuwa na mazoea ya kukuacha ufanye kosa mapema na uligundue baadaye sana. Katika King's Quest V ya mwaka 1990 unaweza kupata njaa ukala pai uliyonayo, halafu ukafika mlimani mbele ya zimwi la theluji na kukuta kwamba pai ile ile ndiyo ilikuwa silaha yako pekee. Gemu haikuambii kwamba huwezi tena kushinda. Inakuacha uzunguke bure.

Kambi ya pili ilikuwa Lucasfilm Games, iliyokuja kuitwa LucasArts. Mbunifu wao Ron Gilbert aliandika makala mwaka 1989 akilalamikia mambo hayo hayo: vifo vya ghafla, vitu unavyoweza kuvikosa moja kwa moja, mafumbo yasiyo na dalili. Mwaka uliofuata ikatoka The Secret of Monkey Island, ambayo ndani yake ni vigumu mno kufa na huwezi kupoteza kitu utakachokihitaji mbele. Hiyo ndiyo ningempa mtu yeyote aanze nayo. Ilitengenezwa upya mwaka 2009 kwa michoro mipya na sauti, na katika toleo hilo unaweza kurudi kwenye michoro ya zamani wakati wowote.

Kama hutaki kulipa kwanza, pakua Flight of the Amazon Queen ya mwaka 1995, gemu ya rubani katika msitu wa Amazoni iliyofuata nyayo za Monkey Island waziwazi. Tangu 2004 inatolewa bure kwa ruhusa ya wenyewe. Anayependa gemu mpya ana Thimbleweed Park ya 2017 na Return to Monkey Island ya 2022, zote mbili kazi za Gilbert na wenzake. Hizi mbili zinakuuliza mwanzoni kama unataka kiwango rahisi au kigumu. Ukiwa mtu wa mafumbo, chagua kigumu bila kusita: kile rahisi hupunguza mafumbo yenyewe, na mafumbo ndiyo uliyoyafuata.

Hatua ya 2: Ziwashe kwenye kompyuta yako

Gemu za miaka ya 1990 haziwaki zenyewe kwenye mashine za leo. Programu ya bure iitwayo ScummVM inasoma mafaili yake ya asili na kuyaendesha kwenye Windows, Mac, Linux na hata simu za Android. Isakinishe kutoka scummvm.org, na kwenye tovuti hiyo hiyo utakuta Flight of the Amazon Queen tayari kupakuliwa. Fungua faili lililobanwa uliweke kwenye folda yake, washa ScummVM, bonyeza Add Game, onyesha folda hiyo, kisha Start. Programu ikisema haioni gemu, mara nyingi umeonyesha folda ya juu badala ya ile yenye mafaili yenyewe. Ingia ndani hatua moja ujaribu tena.

Shika vitufe vitatu. `Ctrl+F5` inafungua menyu ya ScummVM ya kuhifadhi na kurejesha mchezo. Nukta inaruka sentensi moja ya mazungumzo ikiwa umekwisha kuisoma, na `Esc` inaruka kipande kizima cha hadithi. Hicho cha mwisho kitumie tu kwa kipande ulichokwisha kukiona, maana humo ndimo dalili zinamojificha.

Hatua ya 3: Mzunguko wa kwanza, usitatue chochote

Ukifika eneo jipya, jizuie kutatua. Pitisha mshale taratibu skrini nzima, ukianzia kona moja, na uangalie kila jina linalojitokeza. Tazama kila kitu kwa amri ya kutazama kabla ya kukichukua. Wengi hukimbilia kuokota, na wanakosa sentensi ambayo mhusika huisema akitazama tu. Sentensi hiyo mara nyingi ni mzaha, na ndani ya mzaha kuna sifa ya kitu: kinanuka, kinanata, kina ncha, kimepasuka.

Kisha zungumza na kila mtu mpaka maneno yaishe. Katika gemu hizi unachagua sentensi ya kusema kutoka orodha, na hakuna adhabu ya kuchagua ya kipuuzi. Ichague. Waandishi waliweka vichekesho vyao bora humo, na mara nyingi wanarudi kuvitumia saa kadhaa baadaye, kama utakavyoona katika mfano.

Hatua ya 4: Andika shida, usiandike vitu

Vitu vimo mkobani, gemu inakukumbushia yenyewe. Kinachosahaulika ni shida. Chukua karatasi na uandike kila kizuizi kwa sentensi kamili: nani anazuia, anataka nini, na amesema nini kuhusu anachokitaka. "Mlango umefungwa" haitoshi. "Kufuli ni la chuma, mlinzi hayupo, mfungwa yuko tayari kutoka" inatosha, kwa sababu inakuambia kwamba tatizo ni chuma, wala si mtu wa kushawishiwa.

Kando ya shida hizo andika maneno mawili matatu kuhusu jambo lolote lililokuchekesha na likaonekana halina kazi. Safu hii ya pili ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 5: Mfano, kuanzia baa mpaka jela

Kuanzia hapa natoboa mafumbo mawili ya The Secret of Monkey Island. Asiyetaka kujua aruke mpaka hatua ya 6.

Guybrush Threepwood anataka kuwa haramia. Dakika za mwanzo kabisa anaingia SCUMM Bar na kuzungumza na maharamia wakubwa watatu. Ukiwadadisi kuhusu kinywaji chao, grogi, wanakutajia vinavyowekwa ndani: mafuta ya taa, asetoni, grisi ya magari, asidi ya betri na mengine ya kutisha. Unacheka, unaendelea. Mchezaji wa kawaida anaihesabu kuwa porojo. Mchezaji mwenye karatasi anaandika: "grogi, asidi."

Jela ya kisiwani iko karibu, na ndani yake kuna mfungwa aitwaye Otis. Kwa muda mrefu huna haja ya kumtoa Otis humo. Baadaye hadithi inageuka: gavana anatekwa, Guybrush anahitaji mabaharia wa kumfuata mtekaji, na Otis anafaa kuwa mmoja wao. Sasa jela imegeuka kuwa shida, na shida yenyewe ni kufuli la chuma.

Fungua mkoba. Hakuna ufunguo. Hapa ndipo wengi huanza kujaribu upanga, koleo na kila walichonacho. Rudi kwenye karatasi badala yake na ujiulize: nini katika kisiwa hiki kinakula chuma? Safu ya vichekesho inakujibu. Unarudi baa, ambayo sasa imebaki tupu, unachukua vikombe vilivyoachwa juu ya meza, unakwenda kwenye pipa la grogi jikoni na kujaza kimoja.

Kikombe kinaanza kuyeyuka mkononi.

Hapa pana mambo mawili. La kwanza, gemu imekuthibitishia kwamba umefikiri sawa. Grogi kweli inakula chuma, kwa hiyo kufuli nalo litaliwa. La pili, imekupa kizuizi kipya kilichozaliwa na jibu lenyewe: kutoka baa hadi jela ni mwendo, na kikombe hakifiki. Ukishindwa mara ya kwanza usidhani umekosea njia. Jiulize kwa nini vikombe vilikuwa vingi. Unavichukua vyote, na kila kimoja kinapokaribia kuisha unamimina grogi katika kingine, huku ukitembea, mpaka ufike mlangoni na kuimwaga juu ya kufuli. Ukichelewa unarudi kujaza tena, na hupotezi chochote.

Hilo ndilo umbo la fumbo zuri la mkoba: kichekesho kinataja sifa ya kitu, hadithi inaleta kizuizi kinachohitaji sifa hiyo, na jaribio la kwanza linashindwa kwa namna inayokufundisha jaribio la pili. Ukilizoea umbo hili utaliona katika gemu nyingine nyingi.

Fumbo la pili ni fupi. Guybrush anafungwa kamba kwenye sanamu nzito na kutupwa baharini. Amesema tangu mwanzo kwamba anaweza kubana pumzi dakika kumi, na gemu inamchukulia neno lake: ukikaa chini zaidi ya hapo, anakufa kweli. Sakafu ya bahari imejaa visu, panga na makali ya kila namna, vyote mbali kidogo na mkono wake. Mchezaji anahangaika kuyafikia. Jibu ni kuiokota sanamu yenyewe, kuitia mkobani na kupanda ngazi kutoka majini.

Nalipenda fumbo hili kwa sababu linatumia mazoea yako dhidi yako. Mpaka hapo umekwisha kuona Guybrush akitia vitu vikubwa mkobani bila maelezo, na ukaacha kushangaa. Gemu inakumbuka, wewe umesahau. Kwa hiyo ukizungukwa na vitu vinavyotamanisha ambavyo havifikiki hata kimoja, viache. Angalia kilicho karibu mno kiasi kwamba hukukihesabu kuwa kitu.

Hatua ya 6: Jua umekwama kwa namna gani

Kukwama kuna sababu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Kabla ya kutafuta msaada, jiulize hivi.

Je, ninajua shida yangu ni nini? Kama huwezi kuitaja kwa sentensi moja, hujakwama kwenye fumbo. Umepotea kwenye hadithi. Zunguka uzungumze upya na watu wote. Katika gemu hizi mazungumzo hubadilika tukio kubwa linapopita, na mtu aliyekuwa hana la kusema saa moja iliyopita huenda sasa ana sentensi mpya.

Kama shida unaijua lakini hakuna kitu mkobani kinachoikaribia hata kwa mbali, basi kuna kitu hujakiokota au mahali hujafika. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na kufikiri hakusaidii hapa. Pita skrini kwa skrini na mshale. Gemu za zamani zilikuwa na tabia mbaya ya kuficha kitu muhimu katika pikseli chache, ndiyo maana nyingi za siku hizi zina kitufe cha kuonyesha sehemu zote zinazobofyeka. Kitumie bila aibu, kwa kuwa kutafuta pikseli si kutegua fumbo. Angalia pia milango inayofunguka kwa nafasi tu. Jikoni mwa SCUMM Bar, kwa mfano, unaingia pale mpishi anapotoka kwenda kuhudumia, na anayesimama sekunde chache tu hawezi kujua.

Kama una kitu kinachoonekana sawa na gemu imekikataa, soma vizuri namna ilivyokataa. Jibu la jumla kama "hiyo haiwezekani", linalorudiwa kwa kila kitu, maana yake uko mbali. Jibu lililoandikwa mahususi kwa kitu hicho mahali hapo maana yake mwandishi alitarajia ungejaribu, na ndani ya maneno yake huwa kuna sababu ya kushindwa. Tofauti hii ndogo ndiyo kidokezo bora kuliko vyote, nacho kimo ndani ya gemu yenyewe.

Na kama umeshapita yote hayo, hifadhi mchezo uzime kompyuta hadi kesho. Ukifungua upya, soma karatasi yako kabla ya kuugusa mkoba.

Hatua ya 7: Ukihitaji msaada, uchukue kwa matone

Mwongozo kamili wa majibu ni hatari kwa sababu jicho linasoma mistari mitatu zaidi ya uliyoitafuta. Tafuta kwanza msaada wa ngazi. Return to Monkey Island ina kitabu cha vidokezo ndani ya mkoba wenyewe, kinachoanza na dokezo la mbali na kukaribia jibu kadiri unavyoendelea kuomba. Thimbleweed Park ina namba ya simu ambayo wahusika wanaipiga kuomba msaada. Kwa gemu za zamani kuna Universal Hint System kwenye uhs-hints.com: unachagua swali linalofanana na shida yako, na majibu yanafunguka moja baada ya jingine. Chukua dokezo moja, rudi kwenye gemu, tembea. Mara nyingi la kwanza linakuambia tu uko eneo lisilo sahihi, na hilo linatosha.

Kuna mafumbo ambayo usijitese nayo. Baadhi yanasimama juu ya misemo ya Kiingereza. Katika Monkey Island zimwi la darajani linaomba kitu kinachovuta macho lakini hakina umuhimu, na linataka samaki mwekundu, kwa kuwa Waingereza humwita hivyo mtu au jambo la kupoteza lengo. Asiyeujua msemo huo ana haki ya kuangalia jibu. Vivyo hivyo Day of the Tentacle ya 1993 inakutaka upake rangi nyekundu matunda ya mti ili George Washington audhanie ni mcheri na kuukata, jambo linaloeleweka tu kwa anayeijua ngano ya Wamarekani kuhusu utoto wake.

Mengine ni mabaya tu. Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 inakutaka utengeneze masharubu kwa manyoya ya paka na sharubati ili ufanane na mtu ambaye mwenyewe hana masharubu, kisha umchore masharubu kwenye pasipoti yake. Hakuna sentensi ya awali inayokuelekeza huko. Na Broken Sword ya 1996 ina mbuzi maarufu nchini Ayalandi anayehitaji ubofye haraka kwa wakati wake, katika gemu ambayo mpaka hapo haijawahi kukudai haraka. Kipimo changu ni hiki: ukisoma jibu ukasema "kumbe ilisemwa", fumbo lilikuwa la haki. Ukishindwa kuona ilisemwa wapi, hukukosa kitu.

Baada ya hapo

Ukimaliza Monkey Island, nenda kwenye hiyo Day of the Tentacle, katika toleo lake jipya la 2016. Ina wahusika watatu katika nyumba moja: mmoja leo, mmoja miaka 200 nyuma, mmoja miaka 200 mbele. Wanapeana vitu vidogo kwa kuvitupa chooni. Karatasi yako sasa iwe na safu tatu za shida, moja kwa kila zama, na swali linabadilika kidogo. Usiulize tu kitu hiki kinamfaa nani. Uliza kitakuwa nini kikikaa muda mrefu. Ukikuta chupa ya divai upande wa kale na mtu anayekusanya vitu vya kuwaachia watu wa baadaye, andika vyote viwili kwenye mstari mmoja.